Juisi ya futari na kidonge cha daku

 Napenda wiki hii niwasimulie wasomaji wa ukurasa huu jambo lililotukuta hapa Nduruma katika Ramadhani iliyopita. Nimemwomba ruhusa mwenyewe, naye ameridhia kwa sharti la kutotajwa jina, akisema kuwa lililomfika yeye huenda linapikwa katika nyumba nyingine bila wenyewe kujua.

Ulikuwa usiku wa 21, tukiwa katika tarawehe. Mzee wetu mmoja, ambaye hakosi safu ya kwanza, alipoinuka kutoka sijida alimshika bega jirani yake, akayumba, kisha akaketi kitako. Akaimalizia swala akiwa ameketi. Tulipotoa salamu tulimpeleka katika chumba cha ofisi ya msikiti, na kijana wetu mmoja ambaye ni muuguzi akaja na mashine yake ya kupimia presha. Akiwa ameketi, mzee alisoma 118 kwa 72. Muuguzi akamwomba asimame, akangoja dakika mbili, akampima tena. Ikasoma 92 kwa 58, na mzee akasema anaona giza.

“Shikamoo mzee wangu, hali hii imeanza lini?” nilimuuliza.

“Marahaba mwanangu. Ni uzee na rakaa nyingi. Hata miguu inanikataa. Wiki mbili sasa mapaja yananiuma, na mabega pia. Nikitaka kuinuka kwenye mkeka ni lazima nishike kitu.”

Sote tulikubaliana naye. Mtu wa miaka 67 anayefunga mchana na kusimama usiku, kuumwa na mapaja si habari. Ni yule muuguzi tu ambaye hakuridhika. Alitaka kujua mzee anatumia dawa gani, na kesho yake mkwewe akazileta katika mfuko wa plastiki. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ni felodipini ya miligramu 10, dawa ya presha ambayo aliandikiwa alipokwenda Maskati kumtembelea mwanawe, na tangu hapo mwanawe humtumia kila baada ya miezi michache. Ya pili ni simvastatini ya miligramu 40, dawa ya kushusha kolesteroli, yaani mafuta mabaya katika damu, ambayo huinunua hapa hapa mjini Arusha.

“Na vyakula?” muuguzi akauliza. “Kuna kitu kipya alichoanza kula au kunywa mwezi huu?”

Mkwewe akafikiri kidogo, akasema hakuna, ila juisi ya balungi.

Nyumbani kwa mzee kuna mti wa balungi kando ya mfereji wa maji, na mwaka huu ulizaa sana. Mtu mmoja alimwambia kuwa balungi hukata mafuta mwilini. Basi tangu mwezi kuandama, kila jioni mkwewe alikamua mabalungi mawili au matatu, bilauri moja kubwa, na mzee akafungua nayo swaumu baada ya tende. Hakufanya hivyo kiholela. Alikuwa amesikia kwamba balungi na baadhi ya vidonge havipatani, akaenda kuuliza katika duka la dawa. Mhudumu akamjibu kuwa asivichanganye, aviachanishe kwa saa kadhaa. Mzee ni mtu wa tahadhari, hivyo akaviachanisha kuliko alivyoambiwa. Juisi aliinywa saa 12:40 jioni, na vidonge vyote viwili akavihamishia kwenye daku, saa 10:30 alfajiri. Kati ya juisi na kidonge zilipita takribani saa kumi.

Nakiri kwamba niliposikia hivyo nilitaka kuifunga kesi ile. Saa kumi ni nyingi. Juisi ya jioni alfajiri haimo tena tumboni. Lakini daktari aliyempokea siku ile alisema kinyume, na maelezo yake yalinifanya nisome zaidi kuliko nilivyokusudia. Kosa la mhudumu wa duka la dawa, na kosa letu sote, lilikuwa kudhani kuwa kila mgongano wa dawa na chakula ni wa namna moja.

Upo mgongano ambao kuachanisha kunautibu. Akina mama waliohudhuria kliniki wanaujua: vidonge vya madini ya chuma havinywewi na chai, kwa sababu vitu vilivyomo katika majani ya chai huyakamata madini hayo tumboni, yakatoka bila kuingia katika damu. Ndivyo yalivyo pia maziwa na doksisaiklini. Hapa vitu viwili vinakutana ana kwa ana ndani ya tumbo na kushikamana. Ukivizuia visikutane, tatizo limekwisha. Chai ikishapita, njia ni nyeupe. Kanuni ya kuacha saa mbili au tatu imetoka huko, nayo ni sahihi mahali pake.

Balungi halifanyi kazi hivyo. Juisi yake haikigusi kidonge hata kidogo. Inachogusa ni ukuta wa utumbo wetu wenyewe.

Wengi wetu tumewahi kupita Namanga. Tuchukue mfano wa mpaka ambapo maofisa wa ukaguzi wamejipanga, na kila shehena inayopita wanaipunguza. Katika ukuta wa utumbo mwembamba Allah ameweka maofisa wa namna hiyo. Ni kimeng'enya ambacho wataalamu wanakiita kwa herufi na tarakimu, CYP3A4, na kazi yake ni kuvunjavunja vitu vigeni kabla havijaingia katika damu. Dawa nyingi hupita mbele yake. Watengenezaji wa dawa wanajua hivyo, nao wamekipangia kiasi cha kidonge wakihesabu kwamba sehemu kubwa itavunjwa njiani. Felodipini inayomezwa, ni kama asilimia 15 tu inayofika katika mzunguko wa damu. Simvastatini ni chini ya asilimia 5. Zilizobaki huishia utumboni na katika ini.

Ndani ya balungi mna vitu vinavyoitwa furanokumarini. Kimeng'enya kinaviona kama vitu vigeni vingine, kinavikamata ili kivivunje, na katika kuvivunja kinaunguzwa chenyewe. Havikikatizi kazi kwa muda, kama ofisa aliyeitwa pembeni kuzungumza na mtu kisha akarudi zamu yake. Vinakiua. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kazi yao ya kuchukua vipande vidogo vya ukuta wa utumbo kwa watu wale wale, kabla na baada ya siku kadhaa za kunywa juisi hiyo. Kimeng'enya kilikuwa kimepungua kwa asilimia 62, ilhali cha kwenye ini hakikuguswa.

Hapo ndipo lilipo jibu la saa kumi za mzee wetu. Juisi hupita tumboni, ndiyo, na baada ya saa chache haipo. Lakini maofisa waliouawa jioni hawafufuki kwa sababu muuaji ameondoka. Ni lazima mwili uwatengeneze wapya, na utengenezaji huo huchukua siku mbili hadi tatu. Kidonge cha daku kilipofika hakikukuta juisi. Kilikuta kituo cha mpakani kisicho na walinzi wa kutosha, kikapita na mzigo wake wote.

Namna jambo hili lilivyogunduliwa ina mafunzo yake. Katika mji wa London, ule wa jimbo la Ontario nchini Kanada, watafiti wakiongozwa na David Bailey walitaka kujua kama pombe inabadilisha utendaji wa felodipini. Ili wanaopimwa wasitambue ni lini wamepewa pombe na lini hawakupewa, waliificha ladha yake katika juisi ya balungi. Kiwango cha dawa katika damu kikapanda kwa wote, waliokunywa pombe na wasiokunywa, kuliko kilivyotarajiwa. Walichoshuku hakikuwa na hatia ile. Mwenye hatia alikuwa yule aliyetumwa kuficha. Mwaka 1991 wakachapisha uchunguzi mwingine, wa juisi yenyewe bila pombe. Kwa wastani, felodipini iliyoingia katika damu ilikuwa karibu mara tatu ya ile iliyomezwa kwa maji. Nifedipini, ambayo katika zahanati zetu ni maarufu zaidi, iliongezeka kwa takribani theluthi moja. Juisi ya machungwa ya kawaida haikubadilisha kitu.

Kisha likaja swali letu la kuachanisha. Mwaka 1995 watafiti wa Uswidi waliwapa watu bilauri moja ya mililita 200, wakawapa felodipini katika nyakati mbalimbali: wakati ule ule, baada ya saa 1, 4, 10 na 24. Mpaka saa ya nne nguvu ya juisi ilikuwa karibu ile ile. Ilipofika saa ya kumi ilikuwa imebaki takribani nusu, na baada ya saa 24 bado ilibaki kama robo. Hayo ni kwa bilauri moja tu, aliyoinywa mtu mara moja.

Sasa tuyalinganishe hayo na mzee wetu. Bilauri ya jioni ilipotimiza saa kumi, nusu ya madhara yake ilikuwa ingali pale, na ndipo alipomeza. Jioni iliyofuata, kabla kimeng'enya hakijajengeka upya, akanywa nyingine. Ikawa hivyo usiku baada ya usiku, kwa siku ishirini. Kwa hiyo asubuhi zote hizo mzee alikuwa akimeza kidonge cha miligramu 10, lakini damu yake ikipokea kama kwamba amemeza zaidi. Ongeza na mchana mrefu bila maji, ambao nao hushusha presha, ndipo utaelewa kwa nini aliona giza alipoinuka kutoka sijida.

Upande wa simvastatini ndio ulionitia hofu zaidi, kwa kuwa hii huvunjwa sana utumboni, na mlango ukiachwa wazi huingia kwa wingi. Huko Helsinki, Finlandi, watafiti waliwapa watu bilauri moja ya juisi ya kawaida kwa siku, siku tatu. Simvastatini katika damu yao ikafikia zaidi ya mara tatu na nusu. Walipowapa wengine juisi nzito mara tatu kwa siku, ilipanda zaidi ya mara kumi na tatu. Wakaendelea kupima muda: siku moja baada ya bilauri ya mwisho, kiwango kilikuwa bado mara mbili ya kawaida, baada ya siku tatu kilikuwa kimezidi kidogo, baada ya siku saba ndipo hakukuonekana tofauti. Ni kweli basi kwamba kuachanisha kunapunguza. Ila anayetaka kuondoa mgongano huu kwa kuachanisha, saa hazimtoshi. Anahitaji siku, na kidonge chenyewe kinamezwa kila siku. Hakuna nafasi kati ya kidonge na kidonge ambayo balungi linaweza kuingia.

Simvastatini ikizidi katika damu huumiza misuli. Daktari alimbonyeza mzee mapaja na mabega, akamwambia aketi kwenye kiti kisha ainuke bila kushika kitu. Hakuweza. Akaagiza damu ipimwe kimeng'enya kinachovuja kutoka katika misuli iliyojeruhiwa, pamoja na kipimo cha figo. Cha misuli kilirudi kikiwa mara kadhaa ya kiwango cha kawaida. Figo zilikuwa salama, alhamdulillah. Akamuuliza pia kuhusu mkojo, kama umekuwa na rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Haukuwa hivyo. Ungekuwa hivyo, alisema, angelazwa siku ile ile, kwa sababu misuli ikiharibika sana uchafu wake huziba figo, na watu wamekufa kwa hilo.

Nilimuuliza daktari swali ambalo naamini wengi wangeuliza: mtu atatofautishaje uchovu wa tarawehe na maumivu haya? Alisema uchovu wa kusimama hukaa katika ndama za miguu na mgongo, huisha ukilala, na siku ya tatu au ya nne mwili huzoea. Maumivu ya dawa hushika misuli mikubwa ya pande zote mbili, mapaja na mabega. Misuli huuma ikibonyezwa. Yanaongezeka kila siku badala ya kupungua, na pamoja na kuuma kuna kulegea, hata ngazi au kuinuka chini kunakuwa kazi. Kwa dawa ya presha iliyozidi, dalili ni kizunguzungu mtu anaposimama, uso kupata joto, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, na miguu kuvimba kwenye vifundo. Wenye mashine ya presha nyumbani wapime wakiwa wameketi na tena baada ya kusimama dakika mbili, kama alivyofanya kijana wetu. Laiti angempima mzee akiwa ameketi peke yake, namba ile ya 118 ingetufanya tumpongeze.

Sasa kuhusu vidonge vilivyo katika nyumba zetu. Katika dawa za kolesteroli, simvastatini na lovastatini ndizo zinazoathirika sana. Atovastatini, ambayo siku hizi huandikwa mara nyingi, huathirika pia lakini kwa kiasi kidogo, na hatari yake hukua kwa mtu anayekunywa juisi nyingi kila siku. Rosuvastatini na pravastatini hazipiti katika mlango huu. Katika dawa za presha, zinazohusika ni zile za jamii ya “dipini”. Felodipini huathirika sana, nifedipini kwa wastani, na amlodipini kidogo mno, kwa sababu sehemu kubwa ya amlodipini huingia katika damu hata walinzi wakiwapo wote. Hakuna kikubwa kilichobaki cha kuongezeka. Hidroklorothiazaidi, lisinopili na atenololi hazivunjwi na kimeng'enya hiki. Majina haya katika kasha yameandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la kibiashara. Soma yale madogo. Jina kubwa hubadilika kila kiwanda. Dogo ndilo dawa yenyewe.

Na matunda je? Balungi jeupe na jekundu ni mamoja, na kula vipande vyake ni kama kunywa juisi. Juisi ya dukani, iliyochemshwa na kufungwa, nayo ni hivyo hivyo. Furungu, lile kubwa lenye ganda nene, ni la ukoo huo huo na lina vitu hivyo hivyo. Danzi pia, nalo nalitaja kwa msisitizo kwa kuwa wako wanaolitumia kama dawa ya mafuta au kulitengenezea jemu. Chungwa tamu la kawaida na chenza havina tatizo hili. Mwenye kupenda kitu kichachu cha kufungulia swaumu ana ukwaju na ubuyu.

Yupo ndugu mmoja aliyeniambia kwa hamaki kidogo, “Katibu, tunda la halali vipi liwe na madhara, tena la mti wa mtu mwenyewe?” Nilimjibu kuwa hakuna aliyelifanya balungi kuwa haramu. Asali ni halali, na mwenye kisukari huizuia nafsi yake. Mafakihi wamejenga mlango mzima juu ya kuondosha madhara, na ndani yake mna vitu vingi ambavyo kwa Zaidi ni chakula na kwa Amri ni ugonjwa. Balungi ni halali kwa wote. Kwa anayemeza simvastatini, limekuwa sehemu ya dozi bila mtu yeyote kuipima. Kilichonisikitisha mimi ni jambo jingine: mzee aliuliza. Alifanya kile tunachowahimiza watu kwenye mimbari kila siku, akaenda kwa anayedhaniwa kuwa na elimu, akapewa jibu la chai na madini ya chuma kwa swali la balungi. Anayeuza dawa akiwa hana hakika, neno “sijui, muulize mfamasia au daktari” halimpunguzii heshima.

Kuna hatari ya upande wa pili, na daktari aliirudia mara mbili. Mtu akisoma habari hizi asiache vidonge vyake. Presha isiyotibiwa huua kwa kiharusi, na haina haja ya balungi. Kinachoachwa ni tunda. Tena mtu aliyezoea kunywa juisi kwa miezi, akiiacha, dawa katika damu yake itapungua kurudi kwenye kiwango cha kidonge, na presha inaweza kupanda. Huyo apime presha yake katika wiki ya kwanza na ya pili baada ya kuacha, na amweleze daktari wake bila kuona haya ni juisi kiasi gani alikuwa akinywa, kwa sababu huenda dozi iliyopo ilipangwa juu ya balungi. Lakini mwenye maumivu ya misuli pamoja na kulegea, au mkojo wa rangi ya chai, asisubiri tarehe ya kliniki; aende siku hiyo hiyo akiwa na vidonge vyake mkononi.

Mzee wetu aliachishwa simvastatini na juisi siku moja. Felodipini aliendelea nayo, kwanza kwa nusu ya kipimo, yaani kidonge cha miligramu 5, kwa kuwa kile cha 10 hakikatwi. Kimetengenezwa kitoe dawa polepole na hutakiwa kumezwa kizima. Daktari alimwambia pia ale siku zilizobaki kwa rukhsa ya mgonjwa. Hilo lilimuuma kuliko mapaja. Alitaka kufunga kumi la mwisho, na ilibidi imamu aende nyumbani kwake kumkumbusha kuwa rukhsa nayo imetoka kwa Mwenyewe aliyefaradhisha. Siku ya nne kizunguzungu kilikuwa kimekwisha. Maumivu ya misuli yalichukua karibu wiki tatu kutoka, na kipimo cha damu kilichorudiwa kikawa cha kawaida. Sasa anameza rosuvastatini, presha yake ni 130 kwa 78 akiwa ameketi, na 126 akiwa amesimama.

Siku alizokula ameanza kuzilipa tangu juma lililopita. Juisi ya futari ni ya ukwaju, na mabalungi yaliyobaki mtini ameyaleta madrasa katika kiroba. Tumeyagawa kwa watoto, na tumewaagiza wasimpe babu wala bibi yeyote nyumbani kabla hawajaangalia vidonge vyake.